Ukumbusho wa Mtamba Mmoja

Nina hasira za karibu, sikatai. Miaka thelathini ya kufundisha darasa la tatu haikuziondoa, ilizipa chaki tu mkononi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati yetu ya ujenzi aliponikabidhi mimi, katibu wake, karatasi yake baada ya ibada na kuniambia niitume kama ilivyo kwa simu za watu wote ambao hawajatimiza ahadi, niliisoma mara moja nikasikia masikio yanapata moto. Ilikuwa na herufi kubwa tupu. AHADI NI DENI. HUJALIPA. USIPOLIPA KABLA YA MWISHO WA MWEZI JINA LAKO LITASOMWA KANISANI. Salamu hakuna, asante hakuna. Nikamwuliza kama anaandikia waumini au wezi wa kuku.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amestaafu kazi ya kusimamia barabara, mtu wa ratiba, na alichokuwa akikitazama ni mawingu. Kuta za darasa la watoto wadogo zilikuwa zimefika juu, tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo kwa sababu saruji ilituishia, na Novemba ilikuwa imeshafika. Dodoma mvua inachelewa, halafu inakuja siku moja na hasira zote za mwaka mzima. Fundi alishatuambia wazi kwamba mvua kubwa moja juu ya kuta zile bila bati, tutaanza upya kutoka kwenye msingi. Kila jioni kulikuwa na weusi upande wa mashariki, na upepo wenye vumbi unaonukia maji. Halafu hakuna kitu. Ile hali ya kungoja ilitukaa sote kifuani.

Nikamwambia niachie wiki moja. Akasema siku nne.

Basi nikaanza na mahali ambapo yeye hakuanzia, yaani kadi zenyewe. Siku ya harambee, mwezi wa nane, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye meza naandika kadi za ahadi. Kanisa letu lipo ukingoni mwa mji. Nusu ya waumini ni watumishi wanaoishi Ipagala kama mimi, nusu ni wakulima na wafugaji wa vijiji vya jirani, kwa hiyo ahadi zilikuja za kila aina. Kuna aliyeahidi fedha, aliyeahidi mifuko mitano ya saruji, aliyeahidi tripu ya mchanga, aliyeahidi mbuzi, na bibi mmoja aliyeahidi kuwapikia mafundi siku ya kupaua. Orodha ya mwenyekiti iliwageuza wote kuwa tarakimu. Nilipoilinganisha na kitabu cha stakabadhi, nikakuta watatu walikuwa wameshatoa zamani. Mmoja alikuwa ameandika kwenye kadi kwamba atatoa akishauza zabibu za mwezi wa pili, kwa hiyo siku yake haijafika. Na mmoja tulimzika mwezi wa tisa, mwenyekiti mwenyewe akiwa amebeba jeneza. Hebu fikiria mjane wake anapokea ile karatasi ya herufi kubwa.

Baada ya kusafisha orodha walibaki ishirini na mmoja. Nikakaa kwenye meza yangu ya jikoni nikaandika meseji moja moja, siyo moja ya wote. Nilitaka kila mtu asikie anaitwa yeye. Nilianza na salamu, kisha asante kwa kusimama nasi siku ile, kisha ahadi yenyewe kama alivyoitamka kwa kinywa chake, kisha kilichokwisha kupokelewa kama kipo na kilichobaki, kisha sababu ya haraka, yaani kuta na mvua, kisha tarehe, kisha kwa nani apeleke. Mwisho niliweka maneno ambayo mwenyekiti aliyapinga sana: kwamba kama umeshatoa tusamehe utujulishe, na kama hali yako imebadilika, njoo tuzungumze, hakuna atakayekulaumu. Yeye alisema nawapa watu mlango wa kutokea. Nikamwambia mtu asiyeuona mlango huvunja ukuta.

Kamati ilikaa Alhamisi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubali maandishi yangu, ila mwenyekiti akaweka sharti, na sharti lile ndilo lililonifunga. Alisema zitumwe kwa wote ishirini na mmoja bila upendeleo, na mimi nionyeshe kwamba zimefika. Nikimruka hata mmoja, Jumapili anasimama mbele na kusoma majina yote, na ahadi zote, kwa sauti. Nilikubali. Nilikuwa nimeshinda, na mtu akishashinda hasikilizi vizuri.

Nasema hivyo kwa sababu kulikuwa na kadi moja niliyopaswa kuisemea pale pale, nikanyamaza.

Ilikuwa ya mama mmoja wa kijiji cha jirani, mwenye umri wa kama arobaini, mkimya, anayekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Siku ya harambee mshereheshaji alipowachangamsha akina mama, wakapiga vigelegele, yule mama alisimama akasema anatoa mtamba mmoja. Kanisa zima lilipiga makofi. Ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, kwa mfugaji, ni mali ya kesho. Mimi nilimwandikia kadi kwa furaha. Nilipomwuliza namba ya simu alisita, kisha akaitaja.

Siku mbili kabla ya kikao alinifuata nyumbani Ipagala kwa miguu, ametoka kuuza mboga. Hakutaka kuketi. Nilimkaribisha maji, akakishika kikombe bila kunywa. Akanieleza kwamba mume wake hajui habari ya mtamba. Mtamba ni wake yeye, alimnunua kwa fedha za karanga za misimu miwili, lakini analala zizini kwa mume, anachungwa na mifugo ya mume, na kwao hakuna mke anayetoa ng'ombe zizini kabla mwenye zizi hajaambiwa. Alisimama siku ile kwa sababu moyo ulimjaa, akasema mengine atayatengeneza nyumbani. Halafu mdogo wake mume akafariki, nyumba ikaingia msibani, na neno likawa halina pa kutokea. Aliniomba nimpe mpaka mwisho wa mwezi, atamwambia mwenyewe.

Nikamwuliza vipi kuhusu simu. Akasema simu ni moja ya nyumba nzima. Inakaa kwake siku zote, kwa sababu yeye ndiye anayejua kusoma, ila Jumamosi mume anaondoka nayo mnadani. Na kwa kuwa hasomi, meseji ikiingia humpa mtu yeyote aliye karibu amsomee.

Nilimhakikishia kwamba sitatuma Jumamosi. Aliniangalia.

"Mwalimu, akisikia kutoka kwangu atagomba, halafu yataisha," alisema. "Akisikia kwa mtu mwingine, mimi sina nyumba tena."

Hayo maneno aliniambia mlangoni kwangu, mchana kweupe, na nilimjibu asiwe na wasiwasi. Sijui ni mara ngapi nimelisema neno hilo kwa watu katika maisha yangu. Sasa silitumii.

Kwenye kikao, kama nilivyosema, sikumtaja. Kumtaja kungekuwa kutoa siri yake mbele ya watu saba, na mwenyekiti angesema tumeanza upendeleo. Nilijipangia moyoni kwamba nitatuma Ijumaa mchana, simu iko kwake, atasoma mwenyewe, atafuta, mwenyekiti ataona imefika, na majina hayatasomwa. Hesabu ilikaa sawa kabisa. Hata maneno yake niliyapima zaidi ya ya wengine. Nakumbuka neno kwa neno: Mama yetu mpendwa, shalom. Tunakushukuru kwa moyo wako siku ya harambee ulipoahidi mtamba mmoja kwa ajili ya paa la watoto. Bado hatujampokea. Tungependa apatikane kabla ya tarehe thelathini ili tununue bati kabla ya mvua. Kama kuna jambo limebadilika njoo tuzungumze, hutalaumiwa. Ni mimi katibu wako.

Niliisoma mara tatu nikajisifu. Ilikuwa na upendo na haikukosea kitu. Nilijua angeweza kuelewa kwamba ule mwisho ni wake.

Ijumaa saa nane mchana nilizituma zote, moja baada ya nyingine. Simu yangu huwa inanijulisha meseji ikifika kwa mwenyewe. Zikaanza kuingia taarifa: imefika, imefika, imefika. Watu wakaanza kujibu. Mmoja alinipigia akicheka, akasema tangu aanze kuchangia makanisa hajawahi kukumbushwa kwa adabu namna hiyo, na mifuko yake ya saruji italetwa kesho. Nikamtumia mwenyekiti ujumbe wa kumchokoza kidogo. Ilipofika saa kumi na moja zilikuwa zimefika ishirini.

Ya yule mama ilikuwa haijafika.

Kwanza nilijiambia ni mtandao. Vijiji vile mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Nikaweka simu mezani, nikapika, nikarudi kuitazama. Haijafika. Nikajaribu kuipiga, nikaambiwa simu haipatikani. Meseji ukishaituma huwezi kuivuta. Iko njiani mahali fulani, inangoja simu iwashwe, na haijali imewashwa na nani. Nililijua hilo. Ningeweza kuchukua bodaboda jioni ile ile. Sikwenda. Nilisema njia ni mbovu, nilisema wingu limetanda, nilisema ni gharama, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na nilikuwa bado nafurahia sifa. Ee Mungu wangu, mtu mzima anaweza kuwa mpumbavu akiwa macho.

Asubuhi ya Jumamosi kabla ya saa moja nilikuwa juu ya pikipiki. Nilimkuta uani kwake anapepeta mtama. Alipoona ni mimi aliweka ungo chini taratibu, na kabla sijamsalimu vizuri uso wake ulikuwa umeshabadilika.

Nikamwuliza simu iko wapi. Akasema jana asubuhi iliisha chaji, akaipeleka kwenye duka la njia panda wanakochaji kwa sola, na mwanga wa jua ulikuwa mdogo kwa ajili ya mawingu, ikabidi ilale huko. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mume amepita kuichukua akienda mnadani. Nikamweleza nilichokituma, na lini. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda akaanza kuokota punje za mtama zilizomwagika, moja moja, akizirudisha kwenye ungo.

"Nenda," aliniambia bila kuinua macho. "Pengine hajaifungua."

Mnada ulikuwa umeshajaa. Wanaoujua wanajua: vumbi, ng'ombe wamefungwa kamba, madalali wanapiga kelele, na pembeni safu ya wachoma nyama na moshi wao. Mume wake nilimwona mara moja tu maishani, kwenye msiba wa mdogo wake, mwanamume mrefu mwenye kofia ya pama na ukimya mwingi. Nilizunguka mazizi mawili nikiwasalimu watu kwa Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi, nikiitikiwa, nikiulizia. Mtu mmoja akaninyooshea mkono kuelekea kwenye moshi.

Alikuwa amekaa kwenye gogo na wenzake wanne, nyama iko mbele yao kwenye ubao. Nilimwona akiwa ameshika simu, anaitazama vile mtu anavyotazama dawa asiyoijua. Nikaongeza mwendo. Kabla sijafika alimnyooshea mchoma nyama, na yule mchoma nyama akafuta mikono kwenye aproni, akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja.

Nilisimama. Nisingeweza kumnyang'anya mtu simu mnadani. Nilisimama nyuma yao na kuyasikia maneno yangu yakitoka kwenye kinywa cha mtu nisiyemjua, moja baada ya jingine. Mama yetu mpendwa. Moyo wako. Ulipoahidi mtamba mmoja. Nilikuwa nimeandika kwa makini sana, ndiyo maana hakukwama popote. Kila aliyekuwa pale alielewa kila kitu: nani ameahidi, ameahidi nini, lini, na kwamba hajatoa. Hata lile la hutalaumiwa lilisomwa, na mmoja wao akacheka.

Yule aliyecheka akasema kwa utani kwamba kumbe pale kwa mwenzao zizi lina wenyewe wawili. Mwingine akasema si wawili, mwenyewe ni mmoja na yuko nyumbani anapika. Ni utani wa kawaida, watani husemezana mabaya kuliko hayo. Lakini yule mume hakuuitikia. Alimwambia mchoma nyama asome tena. Akasoma tena, mara hii taratibu, kwa sababu na yeye alikuwa ameanza kuona.

Nikajitokeza. Nikamsalimu, nikasema kwamba mimi ndiye niliyeandika, ni katibu wa kamati, na kama ataniruhusu tusogee pembeni nimweleze. Nilikuwa na la kueleza: kwamba mtamba ni wa karanga za mkewe, kwamba mkewe alitaka kumwambia, kwamba msiba ndio uliomchelewesha. Lakini wenzake wanne walikuwa wamegeuka kunisikiliza, na nikaona kila neno nitakalolitoa litasomwa mara ya tatu.

"Imeandikwa vizuri, Mwalimu," alisema.

Alilipia nyama ambayo hakuigusa, akatia simu mfukoni, akamfuata ng'ombe aliyekuja kumwuza akamfungua kamba na kuondoka naye. Hakuharakisha. Ningeweza kumtangulia kwa pikipiki. Dereva wangu aliniuliza tunakwenda wapi, na mimi nilijiona nimesimama mlangoni kwa yule mama mume wake akija nyuma yangu, nikaogopa. Nikasema turudi mjini. Njia nzima wingu lilikuwa limekaa juu ya milima, na halikunyesha.

Jumapili majina hayakusomwa. Mwenyekiti alisimama akatangaza kwamba watu wamekumbushwa kwa upendo na wameitika kwa upendo, akanitaja mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Benchi la nyuma karibu na mlango lilikuwa tupu. Sikusikia mahubiri hata neno moja. Nilikuwa natazama ule mlango, nikimngoja aingie amechelewa, kilemba chake cha bluu, nipumue.

Aliyeingia uani wakati tunatoka alikuwa mume. Hakuwa amewahi kufika pale. Alikuja anamvuta mtamba kwa kamba, mnyama mzuri, mwekundu, mwenye nundu changa, ngozi inang'aa. Watu walipisha njia. Akina mama wakaanza vigelegele, na mwenyekiti akaenda kumpokea mikono miwili, akimwita baba, akimshukuru, akisema Mungu amzidishie. Yule mume alimpa kamba. Akasema ahadi ya nyumba yake imefika, na anaomba stakabadhi. Niliandika mimi, nani mwingine. Mtamba mmoja, amepokelewa, tarehe, sahihi. Akaweka kidole gumba kwenye wino.

Watu walipotawanyika kumtazama ng'ombe, yeye hakuondoka. Alibaki amesimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi. Nikajikaza nikamwuliza mama hajambo.

Akasema hajambo. Akasema hakumgusa, nisije nikafikiri vibaya. Hajawahi kumpiga na hakuanza jana. Alimsindikiza mwenyewe mpaka stendi alfajiri, akamlipia nauli mpaka Mtera, kwa baba yake, na nguo zake zote na vyombo vyake. Aliyasema hayo kama anavyosema mtu mpangilio wa safari ya mwenzake.

Hapo hasira zangu zikanipanda, na mara hii nilizikaribisha. Nilimwambia mtamba yule alinunuliwa na mkewe kwa karanga zake, na anajua. Nilimwambia alikuwa akitafuta siku ya kumwambia. Nilimwambia mwanamke mwenyewe ndiye anayepaswa kushukuriwa hapa uani badala ya kuwa njiani na mizigo. Niliongea kama ninavyoongea na mtoto aliyemwibia mwenzake kalamu. Aliniacha nimalize.

"Najua ni wake," alisema. "Angeniambia, ningemtoa. Na wewe, Mwalimu, ungekuja nyumbani ukaniambia, ningemtoa. Nimesomewa nyumba yangu na mchoma nyama."

Nilikuwa nimepigania wiki nzima kwamba jina la mtu lisisomwe mbele ya watu.

Akavuta kiti akaketi. Akasema amekuja na shida nyingine. Mahari aliyoitoa ilikuwa ng'ombe kumi na wawili na mbuzi watano, na baba mkwe alipokea yote. Sasa ndoa imefika mwisho na anataka baadhi yao warudi kama desturi inavyosema, baada ya kuhesabu watoto na miaka. Inatakiwa barua ya kumkumbusha mzee. Yeye hawezi kuandika. Anaweza kumwomba yule mchoma nyama, au karani wa mnada, lakini hao wataweka maneno ya kejeli na mzee ni mtu mzima, hastahili matusi. Anataka iandikwe kama ile, iwe na heshima, na idadi isikosewe.

Nilimwambia siwezi. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi atakwenda kwa karani, na akaanza kunyanyuka. Nikamwona yule mzee wa Mtera nisiyemjua, amekaa mlangoni na binti yake aliyefika na mizigo, anasomewa na jirani barua ya karani wa mnada. Nikamwambia akae.

Niliandika. Kila alichosema nilikiweka mahali pake: salamu kwa mzee na nyumba yake, shukrani kwa miaka kumi na minane, idadi ya mifugo iliyotolewa, idadi ya watoto, na ombi la kukutana na wazee wa pande mbili kabla mvua hazijafunga njia. Halafu, bila kuambiwa, niliongeza sentensi moja ya mwisho. Niliandika kwamba kama kuna jambo linaweza kuzungumzwa, mlango haujafungwa, na hakuna atakayelaumiwa. Nikamsomea yote kuanzia juu, kwa sauti ya chini, watu wasisikie.

Nilipofika kwenye ile sentensi alinyanyua kidole.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Nje uani watoto walikuwa wanamlisha mtamba majani na mwenyekiti anawaambia wasimsogelee nyuma. Nilimwangalia usoni, nikaomba kimoyomoyo kama sijawahi kuomba ndani ya jengo lile.

"Hayo si yangu," alisema. "Ni ya ile meseji. Yaondoe."

Nikaandika upya kwenye karatasi safi bila ile sentensi. Akaweka dole gumba, akakunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akaniuliza ninamdai kiasi gani kwa kuandika.